Kamari ya siri na akiba ya wanandoa walio Dubai

Katika Umoja wa Falme za Kiarabu kamari ni kosa la jinai, isipokuwa michezo yenye leseni ya mamlaka iliyoundwa mwaka 2023. Hata hivyo, kwa Wakenya wengi wanaofanya kazi Dubai, hasara hutokea nyumbani, kwenye simu ya mwenzi anayepokea fedha.

Tuseme mke aliyeko Deira anamtumia mumewe wa Mombasa dirham 1,000, takriban shilingi 35,000, kwa M-Pesa. Mume amekwisha kubashiria mechi pesa za matumizi, kisha akanunua chakula kwa mkopo wa Fuliza wa shilingi 9,000. Fedha zikiingia, deni hukatwa papo hapo. Zinabaki 26,000, naye husema karo imepanda.

Salio halifichui jambo hilo. Hulifichua taarifa ya M-Pesa, yenye majina ya kampuni za kubashiri, na makato ya Fuliza mara tu fedha zinapoingia. Mwenye laini huiomba kwa *334#. Kumpekua kwa siri huongeza siri ya pili. Ni heri waisome pamoja.

Kisha karo ilipwe moja kwa moja shuleni, na akiba iwekwe kwenye akaunti ya benki inayohitaji saini za wote wawili. Deni likiisha, mume ajiondoe Fuliza kwa *234#, la sivyo kiwango cha kukopa hubaki wazi. Mikopo ya kampuni nyingine za simu haiguswi na hatua hiyo. Kila mmoja autaje mwenyewe.