Majimaji ya kuku mbichi yakigusa kachumbari, ufanyeje?

Kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa pale Kisutu au Kariakoo hufika nyumbani bado anachuruzika. Majimaji hayo yanaweza kubeba salmonela na kampilobakta, vijidudu vinavyoishi kwenye utumbo wa kuku hata akiwa mzima kabisa. Havionekani wala havinuki.

Safari yao huanzia kwenye mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, wengi hubeba vitu kwenye mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa. Hiyo inapitisha maji. Kuku akiwekwa juu ya nyanya, nyanya zinaloa. Mbebe kwenye ndoo ndogo au kontena lenye mfuniko, na mfuko ulioloa usiubebee mboga kesho yake kabla hujaufua.

Sasa tuseme leo ni wali, kuku wa kukaanga na kachumbari. Kuku anakatwa ubaoni, ubao unasuuzwa kwa maji tu, kisha nyanya na vitunguu vinakatwa hapohapo. Kuku ataingia kwenye mafuta ya moto na vijidudu vyake vitakufa akiiva hadi ndani. Kachumbari haipiti motoni, na ndimu haitoshi kuviua. Kwa hiyo hata asiyegusa kuku anaweza kuumwa.

Ndiyo maana inafaa kuwa na ubao wa nyama mbichi peke yake. Kama upo mmoja tu, kata kachumbari kwanza, ifunike, ndipo ushike kuku. Ukimaliza, osha ubao, kisu na mikono kwa sabuni, mwagia ubao maji ya moto na uuache ukauke. Wanaokatia vitunguu mkononi nao hawajapona: kisu na vidole vinahamisha majimaji yaleyale. Ubao wenye mikwaruzo mirefu hautakati vizuri, bora ubadilishwe.

Kumwosha kuku chini ya bomba pia kunarusha matone hadi kwenye vyombo vya jirani. Kama lazima aoshwe, mtumbukize taratibu kwenye beseni, mbali na vyombo safi.

Na kama tayari yamedondokea chakula kingine? Jiulize kama chakula hicho bado kitapikwa. Mchele au viazi ambavyo havijapikwa, endelea, moto utamaliza kazi. Kachumbari, matunda yaliyokatwa au wali ulioiva, usile hivyo hivyo. Nyanya na vitunguu si lazima uvitupe, viingize kwenye mchuzi muda huohuo vichemke vizuri. Tunda lililokatwa, tupa.

Kampilobakta huchukua siku 2 hadi 5 kuanza kuumiza tumbo, kwa hiyo mara nyingi anayelaumiwa ni muuza chipsi wa jana. Kuhara damu, homa kali, au mtoto mdogo anayeishiwa maji ni safari ya hospitali, siyo ya kusubiri.