Kuiba Tanbihi: Dai la Mmomonyoko wa Udongo Ukambani na Vyanzo Vinavyostahili Kutajwa

Mwanafunzi wa jiografia au kilimo anayeandika tasnifu yake Kwa Vonza, kwenye makao makuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, hachelewi kukutana na habari hii: kwamba kati ya mwaka 1930 na 1990 idadi ya watu Ukambani iliongezeka karibu mara sita, lakini badala ya ardhi kuzidi kuharibika, mmomonyoko wa udongo ukapungua na thamani ya mazao ikapanda. Huisoma katika ensaiklopedia ya mtandaoni au tovuti ya mihtasari, hubadilisha maneno mawili matatu, kisha huichukua tanbihi iliyo chini yake, Tiffen na wenzake, 1994, na kuipachika kwenye marejeo yake. Programu ya kupima ufanano wa matini haimkamati, kwa kuwa maneno yamebadilika. Msimamizi naye huridhika, kwa kuwa kitabu kilichotajwa kipo na kinaheshimiwa.

Ninashikilia kwamba kuiba tanbihi kunadhuru elimu kuliko kuiba sentensi. Sentensi iliyoibwa humnyima mwandishi haki yake. Tanbihi iliyoibwa humsingizia shahidi ushahidi ambao huenda hakuutoa, na kumwaminisha msomaji kwamba yupo mtu aliyekifungua kitabu na kuhakiki.

Tukifungue basi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki hawakuandika juu ya Ukambani yote. Walichunguza Wilaya ya Machakos, na kabla ya 1992 wilaya hiyo ilijumuisha eneo ambalo leo ni Kaunti ya Makueni. Kitui haikuwamo. Kwa hiyo mwanafunzi anayetumia dai hili kueleza mashamba yanayozunguka chuo chake anakitaja kitabu kama shahidi wa mahali ambapo hakikufika. Majina ya mahali huzidisha utata: wadi ya Kwa Vonza/Yatta iko Kaunti ya Kitui, ilhali eneo bunge la Yatta liko Kaunti ya Machakos. Muhtasari unaosema tu kwamba jambo fulani lilitokea Yatta unaweza kumpeleka msomaji upande usio wake wa mpaka.

Kosa la mpaka huzaa kosa la hesabu, na hapa ndipo mtu anaweza kuona kwa macho hasara ya kutofuatilia chanzo. Mihtasari husema kwamba mwaka 1989 Machakos ilikuwa na watu karibu milioni 1.4. Sensa ya 2019 inaipa Kaunti ya Machakos watu 1,421,932. Anayeziweka namba hizi mbili pamoja bila kurudi kwenye majedwali ya sensa atahitimisha kwamba idadi ya watu haikukua kwa miaka thelathini, na anaweza hata kujenga sura nzima ya tasnifu juu ya uhamaji wa vijana kwenda Nairobi ili kueleza jambo ambalo halikutokea. Ile ya 1989 ni ya wilaya ya zamani, Makueni ikiwamo. Ukiongeza watu 987,653 wa Makueni katika sensa ya 2019, unapata takribani milioni 2.4. Namba zote mbili za mwanzo ni sahihi. Kilichoharibika ni uhusiano wake, na hakuna muhtasari utakaolionyesha hilo kwa kuwa muhtasari hauchapishi ramani ya sensa.

Jambo la pili ni kwamba sentensi ile moja imebeba madai kadhaa, na kila dai lina chanzo chake. Ongezeko la watu linastahili kurejelewa kwenye hesabu zenyewe, na mwandishi aseme ni hesabu za aina gani: namba za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilikusanywa na utawala wa kikoloni, ilhali sensa ya kwanza ya taifa iliyowahesabu Waafrika wa Kenya ilifanyika mwaka 1948. Ongezeko la thamani ya mazao ni kazi ya Tiffen na wenzake, nao ndio wa kutajwa. Lakini lazima isemwe kwamba waliyageuza mazao mbalimbali kuwa thamani ya mahindi kwa bei za 1957 ili miaka tofauti iweze kulinganishwa. Ongezeko la mara tatu kwa kila mtu walilolipata kwa kipimo hicho ni wastani wa wilaya, na halimaanishi kwamba kila kaya ilikula mara tatu. Mwaka 1999 John Murton, akichunguza Machakos hiyo hiyo, alionyesha jinsi mapato ya nje ya shamba yalivyoziinua baadhi ya kaya huku nyingine zikizidi kudidimia. Anayenakili muhtasari wa kitabu cha 1994 peke yake hulikosa jibu hili, na mjadala uliokuwa hai hugeuka kuwa jambo lililokwisha.

Dai la mmomonyoko ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Picha ya Machakos iliyokauka na kubaki mawe na mchanga inatoka katika ripoti ya mwaka 1937 ya Colin Maher, ofisa wa kikoloni wa hifadhi ya udongo. Ripoti hiyo ni chanzo cha msingi, lakini aliyeiandika alikuwa na kazi ya kufanya. Serikali ilitaka kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, na mwaka 1938 maelfu ya Wakamba hao wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Ukiisoma ripoti huku ukijua hayo, utauliza iwapo hali ya miaka ile ya ukame na ya shinikizo la kisiasa inafaa kuwa kipimo cha mwanzo. Dianne Rocheleau na wenzake waliandika mwaka 1995 kuhusu masimulizi ya maafa na ukombozi yaliyoizunguka Ukambani kwa karne nzima. Sisemi kwamba matuta ya fanya juu hayakuzuia udongo, au kwamba jasho la vikundi vya mwethya lilikuwa bure. Ninasema kwamba ukubwa wa mabadiliko unategemea mahali unapoanzia kupima, na mahali hapo pamo ndani ya ripoti ambayo wengi huitaja bila kuiona.

Je, mwanafunzi mwenye simu na bando dogo atazipata wapi nyaraka hizi? Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, utafiti wa kitabu cha 1994 ulitanguliwa na mfululizo wa makala za kazi za Taasisi ya Maendeleo ya Ng'ambo ya London, na majedwali ya sensa hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Nyaraka nyingi za utawala wa kikoloni zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, naye asiyeweza kufika huko bado ana njia ya haki: aandike kwamba amemsoma Maher (1937) kama alivyonukuliwa na Tiffen na wenzake (1994), na ataje ukurasa. Rejea ya namna hiyo haina aibu. Inamwambia msomaji mkono wa nani ulimfikishia habari.

Tanbihi iliyoibwa hujulikana. Haina namba ya ukurasa, au inataja kitabu kizima kwa ajili ya namba moja. Inarudia kosa lile lile la jina au mwaka lililomo kwenye tovuti. Mara nyingi huandamana na rejea nyingine tatu za tovuti zinazosema jambo hilo kwa maneno yanayofanana, na hizo zikifuatiliwa huonekana zote zimenakili sehemu moja, kwa hiyo ni shahidi mmoja aliyehesabiwa mara nne.

Kwa hiyo ninawaomba wasimamizi wenzangu wasiishie kwenye asilimia ya ufanano. Kabla ya tasnifu kupelekwa kwa watahini, chagueni rejea tatu zinazobeba hoja kuu, mkamtake mwanafunzi alete ukurasa wenyewe, wa karatasi au wa picha ya simu. Asipokuwa nao, rejea hiyo iondolewe au iandikwe upya ikitaja kile alichokisoma kweli.