Glukagoni: Sindano ya kumzindua aliyeshukiwa sukari

MCHIMBAJI mwenye kisukari akianguka ndani ya duara, wenzake aghalabu hudhani amelewa au amekosa hewa. Kumbe huenda sukari imeshuka mno, na kila dakika inayopita inauumiza ubongo.

Glukagoni ni homoni ya kongosho inayoliamuru ini kuachia sukari iliyohifadhiwa humo. Dawa yake, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ni unga ndani ya kichupa pamoja na bomba la sindano lenye maji yake.

Aliyezirai hawezi kujidunga. Kwa hiyo mpigaji ni yeyote aliye karibu na aliyeelekezwa mapema: mke, mwalimu au mwenzake wa shimoni. Hahitaji kuwa muuguzi.

Tuchukue mfano wa mchimbaji wa Nyarugusu, mkoani Geita. Saa 12 asubuhi amejidunga insulini, akanywa chai kavu na kushuka kazini. Saa 6 mchana anatolewa akiwa hajitambui, na kipimo kinaonyesha milimoli 1.9 kwa lita. Mwenzake anaingiza maji kichupani, anazungusha hadi unga uyeyuke, anavuta miligramu 1 na kuidunga kwenye msuli wa paja. Kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 25 hutolewa nusu yake. Kisha anamlaza kwa ubavu, maana dawa hii hutapisha. Hamtii chochote kinywani, wala soda, kwani chaweza kuingia mapafuni.

Dakika 15 baadaye anazinduka na kipimo ni 3.4. Anapewa soda yenye sukari, halafu viazi. Baada ya dakika 15 nyingine anapimwa: 5.1. Hapo ndipo wengi humwacha arudi kazini, na hapo ndipo kosa lilipo. Nguvu ya glukagoni hudumu kwa muda wa saa moja na ushei tu, ilhali insulini ya asubuhi bado inafanya kazi. Saa 8 mchana kipimo kimerudi 3.6, naye anapewa sukari tena. Basi hupimwa kila dakika 15 hadi apite 4, kisha kila saa kwa saa kadhaa, na hata usiku.

Akipita dakika 15 bila kuzinduka, huenda ini halina akiba, kama ilivyo kwa aliyeshinda njaa au aliyekunywa gongo. Huyo anahitaji dripu ya glukosi hospitalini, na safari ya kumpeleka ianze mara sindano inapopigwa, si baada ya kungoja matokeo.

Mtumiaji wa vidonge vya glibenklamidi naye apelekwe hospitali hata akiamka na kuongea vizuri. Vidonge hivyo huweza kuishusha sukari tena na tena, hivyo hulazwa na kupimwa kwa saa 24 au zaidi.