Makosa ya dhima kali

Makosa ya dhima kali ni makosa ya jinai ambayo mtu anaweza kutiwa hatiani bila upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba alikusudia kuyatenda au alijua anayatenda. Kinachothibitishwa ni kitendo tu. Makosa hayo hupatikana zaidi katika sheria za barabara, vyakula na dawa, mazingira, leseni na uvuvi. Makala hii inayaeleza kwa mfano wa biashara ya samaki katika Ziwa Viktoria, hasa Kemondo, kata ya Wilaya ya Bukoba Vijijini, Mkoa wa Kagera, yenye bandari na wavuvi wengi upande wa Tanzania.

## Kanuni ya kawaida

Kwa kawaida kosa la jinai lina sehemu mbili: kitendo kilichokatazwa na hali ya akili ya mtendaji, ambayo mara nyingi huitwa nia ovu. Anayechukua mwavuli wa mwenzake akidhani ni wake hajaiba, kwa sababu hakuwa na nia ya kuiba.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatambua jambo hilo. Kifungu cha 11 kinasema kwa maana kwamba mtu aliyetenda kwa kuamini kwa dhati, na kwa sababu za kuridhisha, hali fulani ambayo kumbe haikuwapo, atahukumiwa kana kwamba hali hiyo ilikuwapo kweli. Lakini kifungu hichohicho kinaongeza kwamba utetezi huo unaweza kuondolewa na sheria inayohusika, ama kwa maneno ya wazi ama kwa maana inayoeleweka ndani yake. Hapo ndipo dhima kali inapopata nafasi.

Utetezi huo usichanganywe na kutojua sheria. Anayesema "sikujua samaki huyu ni mfupi" anazungumzia jambo la kweli au la uongo kuhusu samaki. Anayesema "sikujua kuna sheria ya urefu" anazungumzia sheria yenyewe, na kwa kifungu cha 8 hilo kwa kawaida si utetezi katika kosa lolote, liwe la dhima kali au la.

## Mfano: sangara wa sentimita 50

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimeweka urefu wa chini wa samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa na kuuzwa. Kwa sangara ni sentimita 50, na kwa sato ni sentimita 25. Lengo ni kumwacha samaki akue na kuzaa kabla hajavuliwa.

Tuchukulie mchuuzi amenunua mwaloni Kemondo sanduku la sangara 40 lililofungwa kwa barafu. Aliyemuuzia amemhakikishia kwamba wote wana kipimo. Akiwa njiani kwenda Muleba anasimamishwa, samaki wanapimwa, na watatu wanakutwa na sentimita 46. Katazo likisomwa kuwa la dhima kali, upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba samaki hao ni sangara, kwamba urefu wao haufiki kipimo, na kwamba walikuwa mikononi mwa mchuuzi. Hautakiwi kuthibitisha kwamba alijua juu ya wale watatu wala kwamba alitaka kufanya magendo.

Hata hivyo mambo hayo matatu lazima yathibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayomhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitike, haiondoki. Kwa kuwa nia haiulizwi, uzito wote wa kesi huangukia kwenye kipimo. Samaki anapaswa kupimwa akiwa amelazwa, kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Mkia uliokatika, samaki aliyekaushwa au kupikwa, au utepe uliopindishwa juu ya tumbo lake hubadilisha jibu, na mshtakiwa ana haki ya kuhoji kipimo hicho.

Suala hilo lilijitokeza hadharani mwezi Juni 2018, wakati wa operesheni ya kupambana na uvuvi haramu katika Ziwa Viktoria. Maofisa wa uvuvi waliingia katika mgahawa wa Bunge jijini Dodoma na kupima kwa rula sato waliokwisha kupikwa, na faini ikatozwa kwa kuwa walionekana kuwa pungufu ya sentimita 25. Wabunge walilalamika vikali. Tukio hilo lilionyesha jinsi katazo la namna hii linavyoweza kumfikia mtu aliye mbali kabisa na nyavu.

## Sababu za kuyaunga mkono

Wanaoyatetea husema kwanza kwamba nia ni vigumu kuithibitisha. Kama kila aliyekutwa na samaki wachanga angeachiwa kwa kusema hakujua, katazo lingebaki karatasini. Pili, mchuuzi ndiye mwenye uwezo wa kuzuia madhara: anaweza kufungua sanduku na kupima kabla ya kulipa. Tatu, hasara ya ziwa ni ileile, samaki mchanga awe amevuliwa kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Husemwa pia kwamba adhabu za makosa haya kwa kawaida ni faini, na kwamba anayeingia katika biashara inayosimamiwa kwa leseni amekubali masharti yake.

## Hoja za kuyapinga

Wapinzani hujibu kwamba jinai hubeba lawama, na si haki kumlaumu aliyefanya kila lililowezekana. Faini ambayo ni ndogo kwa kiwanda inaweza kumaliza mtaji wa mchuuzi, na sheria ya uvuvi inaruhusu pia kutaifisha vyombo. Adhabu haimfundishi kitu mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua. Tena, utetezi unapokuwa mwembamba, ofisa aliyeko barabarani hupata nguvu kubwa ya kuamua nani ashtakiwe na nani aachwe, na hapo rushwa hupata mlango.

## Njia ya mahakama

Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, mahakama huanza kwa kudhani kwamba Bunge lilitaka nia ithibitishwe, hata pale sheria isipoitaja. Katika kesi ya Sweet dhidi ya Parsley ya mwaka 1969, mahakama ya juu ya Uingereza ilifuta hatia ya mwalimu aliyepangisha nyumba ambamo wapangaji walivuta bangi bila yeye kujua. Dhana hiyo hulegezwa zaidi katika mambo yanayogusa usalama au ustawi wa umma, na pale dhima kali inapoweza kweli kuwafanya watu wawe waangalifu.

Mahakama Kuu ya Kanada, katika kesi ya mwaka 1978 kuhusu Jiji la Sault Ste. Marie na uchafuzi wa maji, ilichagua njia ya kati: upande wa mashtaka unathibitisha kitendo, kisha mshtakiwa anaokoka akionyesha kwamba alichukua tahadhari zote za kuridhisha. Kwa njia hiyo mchuuzi wa Kemondo angeweza kuonyesha kwamba alifungua sanduku na kupima, na akaeleza kwa nini wale watatu walimpita. Ambaye hakulifungua kabisa angebaki na kosa.

Pale utetezi huo usipokuwapo, kutokuwa na nia bado kuna kazi baada ya hatia: mahakama inaweza kukuzingatia inapopanga adhabu.