Samaki wa Kwaresima: Tarehe ya Unajimu wa Maswali

Upo unajimu wa kuzaliwa, unaomtazama mtu tangu siku alipozaliwa, na upo unajimu wa maswali, ambao hauna haja na siku hiyo. Huu wa pili hutazama saa ambayo swali limemfikia mnajimu. Pete imepotea, mume yuko baharini na barua haziji, ng'ombe amevunja zizi usiku: mwenye shida anauliza, mnajimu anaandika saa na dakika, kisha anachora mbingu jinsi zilivyo wakati huohuo juu ya mahali alipo. Jibu lote hutolewa humo.

Fani hii ni ya kale. Mizizi yake iko kwa Wagiriki, na Dorotheo wa Sidoni, aliyeishi karne ya kwanza, aliandika juu ya wezi na vitu vilivyoibwa. Walioipangia milango na kanuni ni wanajimu wa dola ya Abbasi. Mashaallah, Myahudi wa Basra, alikuwa miongoni mwa waliomchagulia Khalifa Mansuri saa ya kuanza kuijenga Baghdadi mwaka 762. Yeye na Sahl bin Bishri waliandika vitabu vya maswali ambavyo baadaye vilitafsiriwa kwa Kilatini, na karne ya 13 Guido Bonatti wa Italia akakusanya maarifa hayo katika kitabu kimoja kikubwa. Hivyo ndivyo yalivyofika Uingereza, kwa mtu ambaye bila yeye tusingeona kazi hii ikifanyika hatua kwa hatua: William Lilly.

Lilly alizaliwa mwaka 1602 katika kijiji cha Diseworth. Akaingia London mwaka 1620 kuwa mtumishi wa nyumbani, na bwana wake alipofariki akamwoa mjane wake. Mwaka 1632 alianza kujifunza unajimu, na miaka minne baadaye akahamia Hersham, kijiji kilicho karibu na mto Thames. Huko ndiko alikoibiwa samaki.

Alikuwa amenunua samaki London wawe akiba yake ya Kwaresima, wakaletwa kwa mashua hadi Walton. Jumamosi tarehe 10 Februari 1638, mmoja wa mabaharia wa mtoni akamjia mikono mitupu: ghala lao limevunjwa usiku, na samaki wameibwa. Lilly aliandika saa aliyopata habari ile, akachora falaki yake.

Sasa tumfuate. Mbingu hugawanywa nyumba kumi na mbili, na kwa swali la wizi zinazotumika zaidi ni chache. Nyumba ya kwanza ni ya muulizaji. Ya pili ni ya mali yake inayohamishika, ya nne huonyesha mahali kitu kilipofichwa, na ya saba ni ya mwizi. Kila nyumba ina sayari inayoimiliki kwa kufuata buruji iliyo mwanzoni mwake. Vilevile, sayari iliyo ugenini, yaani katika buruji ambamo haina heshima yoyote, ikikaa katika nyumba ya pembe, hushukiwa kuwa ndiyo mwizi.

Upande wa mashariki ilikuwa ikichomoza Thauri. Kwa hiyo nyumba ya pili ilikuwa Jauza, na mmiliki wake, Utaridi, ndiye aliyesimama mahali pa samaki. Utaridi alikuwa katika Hutu, buruji ya maji. Sayari ya ugenini iliyokaa pembeni ilikuwa Mushtari, naye alikuwa katika Akrabu, buruji ya maji pia. Fungu la Bahati, nukta inayohesabiwa kutokana na Jua, Mwezi na buruji inayochomoza, lilikuwa katika Saratani. Hiyo nayo ni ya maji. Alama tatu zilisema neno moja.

Kama kawaida Mushtari huashiria mtu wa hadhi, na mnajimu wa pupa angekwenda kumtuhumu bwana mkubwa wa kijiji. Lilly hakwenda huko. Aliandika mwenyewe kwamba busara pamoja na fani ndizo zilizomwongoza: aliyechukua samaki anaishi kando ya Thames, ni mvuvi au mtu wa kazi za majini. Kisha akamtazama Mirihi, mmiliki wa nyumba ya saba, ambaye alikuwa anaiacha Akrabu na kuingia Kausi. Sayari inayohama buruji ni mtu anayehama. Akahitimisha kwamba mvuvi huyo ameuza ardhi yake karibuni, au yumo katika kuiacha nyumba anayoishi.

Mto ule ulikuwa na wavuvi wengi. Mvuvi aliyekuwa anahama, na ambaye watu walikuwa wakimshuku, alikuwa mmoja.

Lilly akachukua hati ya upekuzi kwa hakimu wa eneo, akakaa nayo kimya hadi Jumapili ya tarehe 18. Siku hiyo alikwenda na konstebo na yule baharia, wakapekua nyumba moja tu. Samaki wengine walikuwa wameliwa, wengine wamelowekwa majini, na wenye nyumba wakakiri. Baharia alikuwa amepoteza gunia lake usiku ule, akamwambia mwanamke wa nyumba kwamba akilipata gunia hana neno tena. Mama akajibu hana gunia ila lile ambalo mumewe alirudi nalo pamoja na samaki. Lilikuwa palepale chumbani, limefuliwa likatakata, na baharia amelitazama mara nyingi asilitambue. Vitunguu saba vya Ureno havikupatikana, kwa kuwa yule mama alikwisha kuvipikia mchuzi bila kujua ni kitu gani, na Lilly anasema alivisikitikia kwa moyo wote. Samaki waliosalia akawasamehe.

Mimi naipenda habari hii kwa sababu mwandishi wake hakuficha viungo. Falaki ilimpa maji na kuhama. Jina la mtu halikuwa mbinguni, bali katika maneno ya kijiji ambacho Lilly alikijua. Mnajimu mgeni, mwenye mchoro uleule, asingejua agonge mlango upi. Fani yenyewe imekiri mipaka yake: buruji inayochomoza ikiwa haijatimiza digrii tatu, au imepita ya 27, mnajimu huonywa asiharakishe kuhukumu. Zuhali akiwa katika nyumba ya saba, hukumu yenyewe huharibika, kwa kuwa katika maswali mengi nyumba hiyo ni ya mnajimu mwenyewe.

Mwaka 1647 Lilly aliweka mchoro huo na mingine katika kitabu chake, Unajimu wa Kikristo, akakiandika kwa Kiingereza ili msomaji asiyejua Kilatini akielewe. Wakati huo wateja wake wa mwaka mmoja walikaribia 2,000, na ada ya kawaida ilikuwa shilingi mbili na nusu. Ada hiyo ilimfikisha mahakamani katikati ya miaka ya 1650, kwa sababu sheria ya uchawi ya mwaka 1604 ilikataza kutumia uganga kutafuta vitu vilivyoibwa. Mashtaka yalisema alitoa hukumu juu ya mali iliyoibwa na kupokea malipo. Aliachiwa huru, akaendelea na kazi hadi uzeeni, akafariki mwaka 1681.

Kitabu chake kilichapwa upya kwa sura yake ya asili mwaka 1985, na wanaojifunza unajimu wa maswali Ulaya leo huanzia hapo. Anayetaka kuipima fani hii kwa haki asikisome hicho peke yake, kwa kuwa mwandishi ndiye aliyechagua mifano. Daftari za kazi za Lilly zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodley, Oxford, zikiwa na maelfu ya maswali ya watu wa London kama yalivyoingia siku kwa siku, na mengi kati yake hayakuandikiwa yaliishaje.