Kutoka Wayo hadi Kimo: Funzo la Laetoli kwa Uchunguzi wa Jinai

Katika karne ya 19, mwanaanthropolojia Mfaransa Paul Topinard alibainisha kuwa urefu wa unyayo wa binadamu ni takriban asilimia 15 ya kimo chake. Uchunguzi wa jinai uliirithi kanuni hiyo: alama ya wayo hupimwa kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu zaidi, kisha kipimo hugawanywa kwa 0.15.

Mpaka wa kanuni hii unadhihirika Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2016, Fidelis Masao na wenzake waliripoti nyayo mpya zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano kwa miaka milioni 3.66. Nyayo za kiumbe S1 zilikuwa na wastani wa sentimita 26.1. Kwa kanuni ya Topinard, kimo chake kingekuwa sentimita 174. Watafiti walikadiria takriban 165, kwani walizingatia uwiano wa *Australopithecus afarensis*. Wayo ni uleule. Kilichobadilika ni jamii ya rejea.

Miongoni mwa binadamu wa leo tofauti ni ndogo, lakini haitoweki. Uwiano ukiwa 0.155 badala ya 0.15, wayo huohuo hutoa sentimita 168, pungufu ya 6. Aidha, kuteleza kwenye tope hurefusha alama. Ugumu mkubwa ni kwamba jinsi na asili ya mtu aliyeacha wayo ndizo zisizojulikana. Kwa hiyo, mahakama ipewe masafa ya kimo, yatokanayo na nyayo kadhaa za mfululizo, wala si namba moja.