Namba ndefu ya banki ilitoka wapi

Zamani kila inchi ya Ulaya iliandika namba za konti kwa namna yake, na feza zilipotea njiani. Mwaka 1997 kanuni ya IBAN ikatoka. Waingereza hawakutupa «sort code» yao ya tarakimu 6, waliiingiza ndani. Tuangalie mfano huu:

```
GB29 NWBK 6016 1331 9268 19
```

GB ni inchi, NWBK banki, 601613 ndiyo sort code, 31926819 konti. Ile 29 hutoka kwenye hesabu ya kugawanya kwa 97: ukikosea tarakimu moja, mashine inakataa. Lakini haijui jina la mwenye konti. Kongo yetu haitumii IBAN. Ndugu wa London akitutumia mshahara, tunamupa namba ya konti na kodi ya SWIFT.